Runinga ya chumba 212: kudai fidia kwa mgeni anayekataa

Kisa hiki ni cha hoteli moja ya vyumba 34 mjini Tanga, mwaka 2024, nikiwa meneja wa zamu. Mgeni alifika Ijumaa jioni kutoka Dar es Salaam na mkewe, watoto wawili na binti wa kazi, wamekuja kwenye harusi ya ndugu. Chumba kililipiwa na kamati ya harusi pamoja na vyumba vya wageni wengine wa shughuli hiyo. Jumapili saa nne asubuhi baba akarudisha ufunguo mapokezi. Mhudumu wa vyumba akapanda kukagua, akawasha runinga, na upande wa chini kulia wa kioo akaona doa jeusi kama wino uliomwagika, mistari ya rangi ikitawanyika kutoka hapo. Akapiga simu chini. Dada wa mapokezi akaweka simu, akamgeukia mgeni mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kulipa, akasema, "Baba, tivi mmeivunja. Ni laki tisa."

Mgeni akapandisha sauti papo hapo. "Sisi? Tumeikuta hivyo hivyo! Mnatafuta mtu wa kumbambikia." Mkewe akasogea, watoto wakanyamaza, na ndugu zao wawili waliokuwa wamekaa sebuleni wakainuka kuja kusikiliza. Ndani ya dakika moja jambo lilikuwa limetoka kwenye runinga na kuwa suala la heshima ya mtu mbele ya ukoo wake.

Dada yule si mkorofi. Alikuwa na orodha ya bei mezani, ameambiwa vitu vikivunjika vinalipwa, naye akasema kile alichofundishwa. Tatizo ni kwamba maneno yake yalibeba madai mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameyapima: kwamba familia ile ndiyo iliyovunja, na kwamba hasara ni laki tisa. Mgeni akisikia yote mawili kwa mpigo, hadharani, hana pa kupitia isipokuwa kukataa yote mawili. Na mtu akishasema "tumeikuta hivyo" mbele ya shemeji zake, kuyarudisha maneno hayo ni kazi ngumu hata kama baadaye anakumbuka vingine. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtafutia njia ya kushuka pale alipopanda bila kumvua nguo.

Nilimsalimu, nikamwomba tukae kwenye meza ya pembeni ya mgahawa, yeye na mkewe tu. Ndugu zake nikawaomba radhi na kuwaagizia chai sebuleni. Sikutaja runinga mpaka tulipokaa. Kisha nikamwambia hivi: "Kaka, mhudumu amekuta kioo cha runinga kina tatizo. Bado sijui limetokeaje, na sijasema ni nyinyi. Nataka tulitazame pamoja, halafu tuone kama kuna la kulipa au hakuna." Neno "bado sijui" halikuwa la kumtuliza tu. Ndiyo iliyokuwa kweli. Wakati huo hoteli haikuwa na uthibitisho wowote wa kumdai mtu hata senti.

Wengi kwenye kazi hii hudhani uthibitisho ni ile fomu ya ukaguzi wa chumba. Fomu ya Ijumaa ya chumba 212 ilikuwa na alama ya tiki mbele ya kila kitu: birika, pasi, rimoti, runinga, taulo nne. Ningeweza kuiweka mezani na kusema, "Hii hapa, mliikuta nzima." Kabla ya kufanya hivyo nikamwita mhudumu aliyeijaza, tukiwa wawili tu kwenye korido, nikamuuliza kama Ijumaa aliiwasha runinga. Akanyamaza kidogo, akasema aliifuta vumbi, hakuiwasha.

Jibu hilo liliiondoa fomu kwenye mazungumzo, na mtu asiyezijua hizi runinga bapa hawezi kuelewa kwa nini. Kioo kinachopasuka ndani yake si kile unachokigusa. Juu kuna tabaka laini la plastiki, na nyuma yake ndipo pana kioo chembamba sana chenye majimaji yanayotengeneza picha. Pigo dogo linaweza kukipasua kioo cha ndani huku tabaka la juu likibaki limenyooka, au likiwa na kibonyeo kidogo tu. Ikiwa imezimwa, runinga ya namna hiyo inaonekana nyeusi na nzima kabisa. Unaweza kuifuta kwa kitambaa kila siku usijue. Kwa hiyo tiki ya mtu aliyefuta vumbi inathibitisha kwamba runinga ilikuwepo ukutani, basi. Kama ningeiweka fomu ile mbele ya mgeni na yeye akamwita mhudumu na kumuuliza swali nililomuuliza mimi, hoteli ingekuwa imeumbuka, na kwa haki.

Nilirudi mezani nikauliza swali moja ambalo huwa nalitanguliza kabla ya mengine yote: "Mara ya mwisho iliwaka vizuri lini?" Swali hili halimtuhumu mtu. Halimtaki aseme nani amefanya nini. Linatafuta saa, na saa ndiyo inayobana jambo lote. Baba akajibu haraka, "Sisi hatukuiwasha kabisa, tulikuwa kwenye harusi." Mama alitazama meza. Sikumfuata baba kwa swali la pili. Nikawaomba dakika tano, nikaenda kulifungua daftari la matukio la mapokezi.

Daftari hilo ni kitabu cha kawaida chenye mistari, kila simu inayopigwa kutoka chumbani inaandikwa pamoja na saa na aliyeishughulikia. Jumamosi saa 2:10 usiku kulikuwa na mstari huu: "212, chaneli za watoto hazionekani, fundi ameenda." Nikampigia fundi simu nyumbani kwake. Akakumbuka bila kusita: alikuta watoto wawili na binti, king'amuzi kilikuwa kimepoteza chaneli, akatafuta upya, akawaachia katuni zinacheza. Nikamuuliza picha ilikuwaje. "Safi, bosi. Ningeona."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza hoteli ilikuwa na kitu mkononi. Thamani ya mstari ule haikutokana na kuandikwa na hoteli, kwani hata fomu iliandikwa na hoteli. Ilitokana na mambo mawili: uliandikwa kabla ya ugomvi kuwepo, na aliyeiona picha alikuwa ameiangalia kwa kazi, macho yakiwa kwenye kioo kinachowaka. Lakini haukutosha peke yake. Kati ya saa 2:10 usiku na saa nne asubuhi ilibidi nijue kama mtu wetu aliingia, kwa sababu mhudumu anayefuta kioo kwa kukikandamiza anaweza naye kukipasua. Nikatazama ratiba: chumba kilisafishwa Jumamosi saa tano asubuhi, na Jumapili hakikuguswa hadi ufunguo uliporudi. Mhudumu aliyepanda kukagua alikaa mle dakika chache tu kabla ya kupiga simu. Hilo nalo nililipima. Runinga ilining'inia ukutani juu kidogo ya kimo cha kifua, hakuwa na ngazi wala ufagio mkononi, na alichokwenda kufanya ni kuwasha na kuhesabu taulo.

Nikawaambia wenye chumba nilichokikuta, kwa utaratibu, bila kumkumbusha baba alichosema mwanzo. "Jana saa mbili usiku watoto walipiga simu wakiomba chaneli za katuni. Fundi alipanda akazirudisha, picha ilikuwa nzuri. Pengine nyinyi mlikuwa ukumbini." Maneno "pengine nyinyi mlikuwa ukumbini" yana kazi. Yanampa mtu nafasi ya kuwa hakujua, badala ya kuwa alidanganya, na katika visa vingi ndivyo ilivyo hasa. Mzazi anarudi saa tisa usiku, anawakuta watoto wamelala, asubuhi anafunga mizigo. Baba akamtazama mkewe. Mama akasema, "Ni kweli, walibaki na dada. Nilimwambia awawashie katuni."

Mgeni hakuinua mikono. Akahamia kwenye hoja nyingine, na ilikuwa hoja nzuri: "Basi ni umeme. Jana usiku ulikatika mara mbili. Umeme ukirudi kwa nguvu unaua vitu." Umeme kweli ulikatika usiku ule. Meneja asiye na jibu la kifundi hapa huanza kubishana kwa sauti, au hukubali kwa kuogopa. Nikawaomba tupande wote wawili tukaitazame, nikabeba tochi.

Chumbani niliizima runinga kwanza. Nikaiweka tochi ubavuni mwa kioo, karibu kabisa na ukuta, mwanga ukapita juu ya uso wa kioo badala ya kukipiga usoni. Kwenye kona ya chini kulia kikaonekana kibonyeo chenye ukubwa wa punje ya mchele, kivuli chake kikiwa upande mmoja. Ukisimama mbele huoni kitu. Nikampa baba tochi aishike mwenyewe. Akaisogeza mara mbili tatu, akakiona. Kisha nikaiwasha. Mistari yote ilianzia palepale penye kibonyeo, ikatawanyika kama inavyotawanyika ya kioo cha dirisha kilichopigwa jiwe.

Nikamweleza tofauti. Umeme mwingi ukiingia huua saketi ya nguvu, na hapo runinga haiwaki kabisa, au huua taa za nyuma ya kioo, ukasikia sauti bila kuona picha. Kuna pia hitilafu ya nyaya bapa zinazopeleka picha kwenye kioo. Hiyo huleta mstari mmoja au kadhaa iliyonyooka, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, isiyo na kitovu. Umeme hautoboi shimo. Palipo na kitovu, kitu kiligusa. Naona ni vema kusema "kitu kiligusa" na kuishia hapo. Haijalishi kwa hesabu kama ni rimoti, mpira, kisigino cha kiatu kilichorushwa au ncha ya sanduku. Na haifai kabisa kumwita binti wa kazi au watoto na kuwahoji. Mara tu unapomhoji mtoto wa mtu, mzazi anaacha kufikiri juu ya kioo na kuanza kumlinda mwanawe, naye ana haki. Binti wa kazi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, kwani jibu lake linaweza kumgharimu kazi huko Dar. Wenyewe watayamaliza nyumbani.

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba alfajiri aliikuta rimoti mlangoni, kifuniko cha betri kimetoka. Baba akakaa kitandani. "Sawa," akasema. "Lakini laki tisa kwa tivi hii? Hii ni ya zamani!"

Hapa ndipo hoteli nyingi zinapozipoteza kesi zilizokuwa zimeshinda. Mgeni amekwisha kubali kwamba kimeharibikia mikononi mwake, kilichobaki ni kiasi, na wao wanamfungulia kabrasha la chumbani lenye orodha: runinga 900,000, birika 80,000, kioo cha kuogea 600,000. Wanasema, "Ndiyo bei yetu." Orodha zile mara nyingi huandikwa na mtu aliyetaka kutisha. Zina kazi zake, zinamjulisha mgeni mapema kwamba uharibifu hulipwa, na ni vema ziwepo pamoja na mstari huohuo kwenye fomu ya kujiandikisha anayoisaini akifika. Lakini haziwezi kuigeuza hasara ya laki tatu kuwa ya laki tisa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaifungamanisha fidia na hasara iliyopatikana, na kiasi kilichotajwa mapema ndani ya mkataba kinahesabiwa kuwa kikomo cha juu cha fidia inayofaa. Hakigeuki kuwa deni kwa sababu tu kimeandikwa. Nami naamini hivyo hata pasipo sheria. Mgeni akiivunja runinga ya miaka mitatu akalipa mpya, hoteli imepata faida kwenye bahati mbaya ya mtu.

Tukashuka, nikaitoa leja ya mali za hoteli. Runinga ya inchi 43 ilinunuliwa mwaka 2021 kwa shilingi 780,000, na risiti ilikuwepo. Mhasibu wetu huzihesabia runinga za vyumbani maisha ya miaka sita, kwa maana hiyo kila mwaka inapungua 130,000. Imetumika miaka mitatu, imekwisha 390,000, imebaki 390,000. Fundi alikuwa amekwisha niambia kwenye simu kwamba kubadilisha paneli hakulipi, kwa sababu paneli peke yake inakaribia bei ya runinga nyingine. Lakini mwili wake, yaani saketi, spika na taa, ananunua kwa 60,000 kama spea. Kiasi hicho kinarudi kwa hoteli, kwa hiyo lazima kitoke kwenye deni la mgeni. Zikabaki 330,000. Nikaandika tarakimu zote hizo kwenye karatasi moja, mstari kwa mstari, nikamgeuzia karatasi aisome, na risiti ya 2021 pembeni.

Siku za chumba kukaa bila kazi sikuzidai, kwa sababu hazikuwepo. Tulikuwa na runinga ya akiba stoo, fundi angeifunga kabla ya mgeni mwingine kuingia jioni. Kama tungelazimika kukifunga chumba ambacho kilikuwa kimekwisha chukuliwa, ningeweza kuzungumza habari ya usiku mmoja. Kudai "usumbufu" hivihivi, bila chumba kilichokosa mteja, ni kutafuta ugomvi mpya wakati wa zamani unakwisha.

Baba aliisoma karatasi mara mbili. Akauliza kuhusu ile miaka sita, kwa nini si mitano. Lilikuwa swali halali, nikamwonyesha kwenye leja kwamba runinga zote za ghorofa ile zimehesabiwa hivyo tangu 2021, wala hazikubadilishwa kwa ajili yake. Kwa miaka mitano deni lingekuwa 252,000. Tofauti si ndogo, na kama leja isingekuwepo ningempa ile ya miaka mitano, kwa sababu hoteli isiyo na kumbukumbu haiwezi kujichagulia hesabu inayoipendelea.

Alikuwa na 150,000 mfukoni. Safari ya kurudi ilikuwa mbele yao, na mafuta ya gari hayajanunuliwa. Wapo mameneja ambao hapa huagiza geti lifungwe au mizigo ibaki. Siwezi kulisema hili kwa upole: kumzuia mtu asiondoke ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na hoteli inayodai laki tatu inaweza kujikuta inajibu shtaka kituoni. Kuwaita polisi ili wamtishe ni ubaya uleule kwa njia nyingine. Kuharibu mali kunakuwa jinai pale mtu anapokusudia. Rimoti iliyomponyoka mtoto ni suala la fidia kati ya watu wawili. Kuliingiza deni hilo kwenye bili ya kamati ya harusi nako nilikataa, ingawa mhasibu alilipendekeza, na lingekuwa rahisi. Kamati ilikubali kulipia malazi. Kuituma bili yenye mstari wa runinga kungemtangaza mgeni wetu kwa ukoo mzima, na kamati ingeweza kuikataa, deni likapotea na aibu ikabaki.

Tulikubaliana alipe 150,000 pale pale, na 180,000 kwa simu hadi Ijumaa iliyofuata. Nikaandika makubaliano ya nusu ukurasa. Kulikuwa na sentensi iliyosema "nimevunja runinga", akaikataa. "Mimi sijavunja, na sitasaini kwamba nimevunja." Nikaikata, nikaandika: "Kioo cha runinga ya chumba 212 kimeharibika kati ya Jumamosi saa 2:10 usiku na Jumapili saa 4 asubuhi, wakati familia yangu ikikitumia chumba hicho. Nakubali kufidia shilingi 330,000." Akasaini bila neno. Sentensi ya kwanza ilimtaka akiri tendo ambalo hakulitenda wala hakuliona. Ya pili inasema yote ambayo hoteli inayahitaji. Nimeona makubaliano mengi yakivunjikia kwenye neno kama hilo huku pesa yenyewe haina ubishi. Akapewa nakala ya makubaliano, ya hesabu na picha mbili za kioo, moja kimezimwa kikiwa na tochi ubavuni, nyingine kimewashwa, na risiti ya kiasi alichotoa.

Na kama angekataa kata kata? Ningempa karatasi ile ile ya hesabu pamoja na picha, ningemwomba aandike maelezo yake kwa mkono wake hata kama ni mstari mmoja wa kukana, na ningemwacha aende zake. Baadaye ningemwandikia barua ya madai kwa anwani aliyojiandikisha nayo. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai madogo ya namna hii, lakini kwa 330,000, na mdaiwa akiwa mji mwingine, nauli na siku za kazi za mashahidi zinaila fedha yote kabla ya hukumu. Mwenye hoteli anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Na kama ule mstari wa daftari usingekuwepo, yaani ningekuwa na fomu tu iliyotikiwa bila runinga kuwashwa, nisingemdai kabisa. Huenda ingekuwa imepasuliwa na mgeni wa Alhamisi. Kumdai mtu kwa "huenda" ni kumbambikia, neno alilolitumia mwenyewe.

Mwenye hoteli hakuifurahia hesabu yangu. Alisema, na si bila sababu, kwamba runinga mpya dukani ni zaidi ya laki nane na yeye amepata 390,000 ukijumlisha spea. Nilimjibu kwamba nusu nyingine aliipata tayari kwa miaka mitatu ya kupangisha chumba chenye runinga, na kwamba kama hakuwa akiiweka pembeni, hilo halimhusu mgeni. Pendekezo lake la pili lilikuwa baya zaidi: pengo likatwe kwenye mshahara wa mhudumu aliyetiki bila kuwasha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo kienyeji. Makato ya hasara yanataka mfanyakazi akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, apewe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apate nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mhudumu yule hakuvunja kitu. Tiki yake ya uvivu ilistahili kukemewa, naye alikemewa.

Kuna sababu nyingine ya kulipinga kato hilo, na ndiyo inayorudi moja kwa moja mapokezi. Mahali ambapo mhudumu hukatwa kila kitu kinapovunjika, kila kitu "kimevunjwa na mgeni." Hakuna atakayesema kwamba kilidondoka wakati wa usafi, wala kwamba hakuiwasha runinga Ijumaa. Mhudumu wa 212 aliniambia kweli kwenye korido kwa sababu alijua kweli hiyo haitamla. Angeniambia "niliiwasha, ilikuwa nzima", ningeenda mezani na ushahidi wa uongo, na mgeni mwerevu angeubomoa kwa swali moja.

Pesa iliyobaki iliingia Jumatano, siku mbili kabla ya muda, bila kukumbushwa. Tuliituma risiti ya pili kwa simu, tukaifuta runinga kwenye leja, na makubaliano yakawekwa kwenye jalada la chumba. Kwenye fomu ya ukaguzi kisanduku cha tiki mbele ya runinga kiliondolewa. Sasa mhudumu anaandika saa aliyoiwasha na kupiga picha ya kioo kikiwaka kwa simu ya idara kabla ya chumba kukabidhiwa, na mhudumu anayempeleka mgeni chumbani anaiwasha tena mbele yake pamoja na kiyoyozi. Mapokezi nako mhudumu akipiga simu kuhusu kitu kilichovunjika, jibu ni "asante, namwita meneja", na bei haitajwi hadi kilichotokea kijulikane.

Dada wa mapokezi alikuwepo wakati wa kusaini. Mama alipokuwa akitoka alimwambia, "Mwanangu, siku nyingine tuite pembeni kwanza." Akajibu, "Nimekuelewa mama, nisamehe," akambebea mfuko mmoja hadi garini.